Nusu dakika ya kwanza: kujitambulisha mbele ya wakubwa wa kazi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 27, mfamasia. Nimeajiriwa mwezi uliopita katika hospitali ya rufaa ya mkoa, huku Nyanda za Juu Kusini. Mganga Mfawidhi amesema Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao nijitambulishe kwenye kikao cha asubuhi: dakika tano, nisimame mbele, niseme mimi ni nani, nimetoka wapi na nimekuja kufanya nini. Kikaoni wanakuwepo madaktari bingwa, wakuu wa idara, muuguzi mkuu, na watu walioanza kazi kabla sijazaliwa.

Tangu aniambie silali vizuri. Mwaka wa mafunzo kwa vitendo niliwahi kusimama kueleza habari za mgonjwa, sauti ikakatika, daktari mmoja akasema mbele ya wote, "Kaa chini, mwenzako aendelee." Mpaka leo nikisimama mbele ya watu naisikia ile sauti. Moyo unapiga mpaka masikioni, mikono inatetemeka, mdomo unakauka.

Nimeandika hotuba ya kurasa mbili na naikariri kila usiku. Inaanza hivi: "Kwa heshima na taadhima, naomba mniwie radhi kwa kuwa mimi ni mdogo sana mbele yenu na sijazoea kuzungumza mbele za watu." Mwenzangu ananishauri nimeze propranololi saa moja kabla. Utotoni nilikuwa na pumu, na msimu wa baridi bado natembea na pampu. Nifanyeje?

Mfamasia mgeni

*

Marahaba, binti yangu.

Nianze na kidonge, maana hilo halisubiri. Usimeze. Wewe unalijua jambo hili kuliko mimi, na nadhani umeniuliza kwa sababu hofu imekufanya utake mtu mwingine alitamke. Propranololi hupunguza mapigo ya moyo na kutuliza mtetemo wa mikono, ni kweli, na wapo watu ambao daktari huwaandikia kwa ajili ya shughuli kama yako. Lakini dawa hiyo haichagui moyo peke yake. Inagusa na njia za hewa, na kwa mtu mwenye pumu inaweza kuzibana, tena ikaifanya na hiyo pampu yako isifanye kazi ipasavyo. Mtu anayebeba pampu wakati wa baridi bado ana pumu. Na hata asiye na pumu, mfamasia mgeni kujichukulia dawa ya cheti bila cheti si mwanzo mwema wa kazi. Mwambie mwenzako ahsante, mlimalize hapo.

Sasa tuje kwenye woga wenyewe. Kwa miaka mingi nilifundisha watumishi wapya katika mafunzo elekezi, na kila kundi nililitaka lijitambulishe, mmoja mmoja, akiwa amesimama. Nilikuwa nakaa nyuma na saa mkononi. Nilichokiona mwaka baada ya mwaka ni kwamba woga haukai mahali pamoja. Unapanda mtu akiwa bado amekaa kwenye kiti, jina lake likikaribia. Unafika kileleni anaposimama na kutamka maneno ya kwanza. Kisha, kama hakuna kilichouchochea, unaanza kushuka wenyewe. Wengi waliokuwa wanatetemeka walikuwa wanaongea kama watu wa kawaida kabla dakika ya pili haijaisha. Kwa hiyo kazi yako si kuushinda woga kwa dakika tano nzima. Ni kujua utafanya nini katika nusu dakika ya kwanza. Karibu kila ninalokuandikia hapa linahusu hiyo nusu dakika.

Kinachoharibika mwanzoni ni pumzi. Mwili ukijiandaa kwa hatari humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, mate yanapungua, misuli inakaza, na pumzi inapanda juu kifuani, fupi fupi. Mtu anasimama, anaona aibu kukaa kimya, anaanza kuongea akiwa na hewa kidogo iliyobaki. Sentensi inakatika kabla ya mwisho wake kwa sababu hewa imekwisha, yeye anaisikia sauti yake ikitetemeka, anaogopa zaidi, anaongeza kasi. Utaitambua hali hiyo kwa ishara mbili: mabega yako yamepanda kuelekea masikioni, na maneno ya mwisho ya kila sentensi yanazama. Nadhani ndivyo ilivyokutokea siku ile ya mafunzo. Akili yako ilikuwa inamjua mgonjwa vizuri. Iliyokwisha ni hewa.

Na hapa adabu yetu wenyewe imetuwekea dawa ambayo wengi hawaitumii. Ni salamu. Tazama inavyofanya kazi. Unasimama, hujasema kitu. Unatoa pumzi yote nje kwa mdomo, polepole, bila kelele. Unaacha hewa iingie yenyewe. Ndipo unasema: "Ndugu Mwenyekiti, Mganga Mfawidhi, itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni." Halafu unanyamaza. Chumba kizima kitajibu, "Marahaba." Kitajibu kwa sababu kimelelewa hivyo, hata yule daktari aliyekuwa anasoma ujumbe kwenye simu. Katika muda huo wa kujibiwa unapata pumzi nyingine kamili, tena bila mtu kuona kwamba umesita, kwa kuwa ukimya wako ni heshima ya kusubiri jibu. Unaongeza, "Wenzangu, habari za asubuhi?" Wanajibu, "Nzuri." Pumzi ya tatu hiyo. Hujaanza hata kusema jina lako, na kilele cha woga umekwisha kukipita ukisema maneno uliyoyatamka tangu utotoni, ambayo ulimi hauwezi kuyasahau.

Kosa la wengi ni kuipita salamu mbio mbio, kama kizingiti cha kuruka. Wanasema "shikamooni" na hapo hapo "naitwa fulani", jina lao linameza "marahaba" ya watu, na chumba kinakosa kulisikia. Subiri jibu. Ukiwa nyumbani unafanya mazoezi, mwombe mtu akuitikie, ili mwili uzoee kungoja.

Na usijaribu kuwataja wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo. Mgeni akianza kuorodhesha wakuu wa idara, ataruka mmoja, au atamtanguliza aliyepaswa kufuata, na hapo moyo unaanza upya. Mtaje mwenyekiti wa kikao peke yake, sema itifaki imezingatiwa, basi. Muulize tu mfamasia mkuu wako kabla ya siku hiyo nani anaendesha kikao, maana kuna Jumatatu Mganga Mfawidhi anakuwa safarini na mtu mwingine anakalia kiti.

Hiyo sentensi yako ya kuomba radhi, nakuomba uifute. Najua imetoka wapi. Tumelelewa kwamba mdogo hanyanyui sauti mbele ya wakubwa, na unataka waone kwamba hujasahau malezi. Lakini heshima hiyo umekwisha kuitoa kwenye shikamoo, na imepokelewa. Ukiongeza kwamba hujazoea kuzungumza, unawapa kazi ya kukutazama kama unatetemeka. Kabla ya hapo hawakuwa na habari.

Hilo la kuonekana lina utafiti wake, na nimelifundisha mara nyingi kwa sababu linasaidia kweli. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kazi ya kutoa hotuba fupi mbele ya kamera. Kundi moja halikuambiwa lolote la ziada. La pili liliambiwa kwamba woga ni jambo la kawaida, wasihangaike. La tatu lilielezwa kwamba mtu mwenye woga hudhani kila anachokihisi ndani kinaonekana nje, lakini watazamaji huona kidogo sana kuliko anavyodhani. Kundi hilo la tatu ndilo lililozungumza vizuri zaidi, kwa kujipima wenyewe na kwa kupimwa na waliowatazama. La pili, lililopewa maneno ya kutuliza tu, halikuwa tofauti na lile ambalo halikuambiwa kitu. Mimi nisingetosheka na kukuambia "usiogope". Ninachokuambia ni kwamba moyo wako unaosikika masikioni mwako hausikiki kwenye masikio ya aliyekaa mstari wa mbele. Ukitaka kuthibitisha, mwombe ndugu akurekodi kwa simu ukifanya mazoezi huku moyo ukienda mbio, kisha tazama. Utauona woga kwenye vidole, kama umeshika karatasi laini. Kwa hiyo shika kadi ngumu ndogo badala ya karatasi, au weka mikono juu ya meza iliyo mbele yako. Zaidi ya hapo utaona msichana anayejitambulisha.

Sasa nyuso. Hili ndilo ninaloona limekaa chini ya hofu yako yote, pamoja na ile "kaa chini". Huko Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Trier, Clemens Kirschbaum na wenzake walichapisha mwaka 1993 njia ya kupima mfadhaiko ambayo inatumika maabara nyingi mpaka leo. Mtu anapewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha anasimama mbele ya watu wachache na kujieleza kwa dakika 5, kama anaomba kazi, halafu anapewa hesabu ya kutoa kichwani. Wasikilizaji wameagizwa wasitabasamu, wasitikise kichwa, wasionyeshe lolote. Mara nyingi huvaa makoti meupe. Wanasayansi walitaka jambo la uhakika la kuipandisha homoni ya mfadhaiko kwenye damu, na walilolichagua ni kujieleza mbele ya nyuso zisizosema kitu. Dakika 5, makoti meupe: si mbali sana na chumba unachokwenda kuingia. Kwa hiyo unachokihisi si udhaifu wako binafsi.

Lakini yapo na ya pili. Baadaye watafiti wengine walirudia jaribio hilo wakabadilisha wasikilizaji, wakawa wachangamfu, wanaitikia, wanaonyesha kwamba wanasikia. Homoni ile haikupanda kama mwanzo. Mtu alikuwa bado anajieleza mbele ya watu. Kilichobadilika zaidi ni nyuso.

Huwezi kuwaagiza madaktari bingwa watabasamu saa moja na nusu asubuhi, na wengine wametoka zamu ya usiku. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba chumbani mna nyuso tatu zinazokujua. Wiki moja kabla, tafuta watu watatu watakaokuwepo, uwafuate kazini kwao. Anza na mfamasia mkuu wako. Wa pili awe muuguzi mkuu: nenda ofisini kwake, msalimie, mwambie, "Jumatatu nitajitambulisha kikaoni, nimeona nije nikuamkie kabla." Hayo hayachukui hata dakika mbili, na kwa desturi yetu mtu mzima aliyeamkiwa ofisini kwake hawezi kukukazia uso siku ya Jumatatu. Wa tatu awe daktari mmoja ambaye tayari mmekwisha kuzungumza dirishani kuhusu dozi ya mgonjwa wake. Siku ya kikao angalia wanakaa wapi. Mmoja atakuwa kushoto, mwingine kulia, mwingine katikati, au karibu na hapo. Ukiongea, sentensi moja mpe huyu, nyingine yule. Waliokaa kati yao watadhani unawatazama wao. Atakayekunja uso muache na uso wake. Huenda anawaza mgonjwa aliyemwacha wodini.

Na yule daktari wa siku ile? Alikuumiza, na hakupaswa. Ila angalia tofauti ya shughuli. Kueleza habari za mgonjwa mbele ya daktari wa zamu ni mtihani: kuna majibu sahihi, kuna mgonjwa anayesubiri, na mwanafunzi anapimwa. Kujitambulisha hakuna jibu ambalo wao wanalijua wewe hulijui. Katika chumba kile chote, wewe ndiye pekee unayejua umesoma wapi na umekuja kufanya nini. Wanakusikiliza kwa sababu watahitaji kujua wampigie nani dawa ikikosekana.

Hapo ndipo tunafika kwenye maneno yenyewe. Kurasa mbili ni nyingi. Chukua simu, washa saa, uzisome kwa sauti, umesimama, kwa kasi ya mtu anayetaka kueleweka nyuma ya chumba. Sitashangaa zikipita dakika 6. Umepewa 5, andaa 3. Woga wenyewe unaweza kuzifupisha hata hizo kwa kukuongezea kasi, na mgeni aliyemaliza mapema kikao kinamshukuru. Mimi nikijipima, maneno 300 ya Kiswahili kwa utulivu yananichukua karibu dakika 3. Wewe jipime mwenyewe.

Usikariri yote. Hii ndiyo sababu hotuba yako inakutesa usiku. Aliyekariri kurasa mbili neno kwa neno amejenga mnyororo, pete moja ikikatika hajui aanzie wapi, ndiyo maana unairudia na kuirudia. Kariri sehemu mbili tu: salamu pamoja na sentensi mbili zinazofuata, na sentensi ya mwisho. Katikati weka mambo matatu kwenye kadi, kila moja kwa neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa. Kadi yako naiona hivi: WATOTO, UBAO, SIMU. Nitakueleza.

Baada ya "nzuri" ya watu, sema: "Naitwa fulani, ni mfamasia. Nimeanza kazi hapa tarehe fulani, na kwa sasa nipo dirisha la wagonjwa wa nje." Hizo ndizo sentensi mbili za kukariri. Fupi, na hakuna hata moja inayohitaji ujasiri. Kisha utazame neno la kwanza kwenye kadi.

WATOTO ni ulikotoka. Usiorodheshe shule tangu ya msingi. Chagua jambo moja ulilolifanya kwa mikono yako katika mwaka wa mafunzo, linalomhusu aliyekaa mbele yako. Tuseme ulikaa wodi ya watoto. Sema: "Mwaka wa mafunzo nilikaa muda mrefu wodi ya watoto. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha uzito wa mtoto umeandikwa kwenye cheti kabla hatujapima dawa ya maji, kwa sababu kilo mbili kwa mtoto mchanga zinabadilisha dozi yote." Daktari wa watoto atainua kichwa. Hutakuwa umejisifu, umesema kazi. Kama hukukaa wodi hiyo, weka ya kwako ya kweli.

UBAO ni ulichokuja kufanya. Hapa wageni wengi husema "nitashirikiana nanyi kuboresha huduma", maneno ambayo kila mtu amekwisha kuyasikia, na kwa kuwa hayana kitu ndani, msemaji mwenyewe anayasahau akiwa katikati. Jambo halisi halisahauliki. Kwa mfano: "Kila siku kabla ya saa tatu asubuhi nitaandika kwenye ubao wa famasi dawa zilizokwisha, na pembeni yake ile iliyopo inayoweza kutumika badala yake, ili mgonjwa asirudishwe dirishani na cheti." Daktari ambaye amewahi kuandika seftriaksoni akaambiwa hakuna, wakati shehena ya Bohari ya Dawa haijafika, atalipokea hilo kwa furaha.

Lakini nakuonya: usiahidi chochote kikaoni ambacho hujakubaliana na mfamasia mkuu wako. Mgeni akitangaza utaratibu mpya mbele ya Mganga Mfawidhi, na mkubwa wake anausikia pale pale, amemwaibisha. Nimeliona hilo likitokea, na aliyeahidi aliteseka kwa miezi. Mpelekee siku ile ile unayokwenda kumwamkia. Akikataa, muulize yeye angependa useme nini. Hapo utakuwa umepata na uso wa kwanza kati ya zile tatu.

SIMU ni wakupateje. Namba ya simu ya ndani ya famasi, saa ulizopo, na dirisha. Sentensi moja. Kisha ile ya mwisho uliyoikariri: "Nimekuja kufanya kazi na kujifunza kwenu. Nikikosea naomba mnielekeze. Ahsanteni." Unyenyekevu uliotaka kuuweka mwanzoni unakaa vizuri hapa, kwa sababu sasa wamekwisha kukuona umesimama sawasawa.

Siku za mazoezi, usifanye kitandani wala kichwani. Mazoezi ya kimya yanafundisha macho, na Jumatatu kinachotakiwa ni mdomo na mapafu. Simama, vaa viatu utakavyovaa, toa sauti. Mara mbili kwa siku zinatosha, kwa siku kumi hivi. Siku za kwanza fanya peke yako, halafu mbele ya mtu mmoja wa nyumbani, halafu mbele ya wenzako wawili watatu wa famasi wakati wa chai. Kila mara utabadilisha maneno kidogo ya katikati, na ndivyo inavyotakiwa: jambo limekaa, maneno yanakuja yenyewe. Ijumaa jioni, chumba cha mikutano kikiwa kitupu, omba ufunguo. Simama pale mbele utakaposimama. Sema salamu yako kwa sauti, usikie chumba kinavyoirudisha. Angalia kama kuna meza ya kuwekea mikono. Mahali ambapo mwili umewahi kufika bila madhara hapautishi kama mahali pageni.

Safari moja kati ya hizo za mazoezi, simama makusudi katikati, kama umesahau. Hesabu moja mpaka tatu, tazama kadi, endelea. Utaona kwamba sekunde tatu kwako ni ndefu mno, na kwa aliyekusikiliza ni mtu aliyevuta pumzi. Likikutokea kweli Jumatatu, fanya vile vile. Usiombe radhi, usirudi mwanzo. Hata ukiruka neno moja zima kwenye kadi, hakuna aliye na nakala yako.

Asubuhi yenyewe kunywa chai yako nyepesi uliyozoea, kahawa iache mpaka baada ya kikao, maana nayo inapandisha mapigo. Weka chupa ndogo ya maji, unywe mafunda mawili kabla hujaitwa, kwa ajili ya mdomo. Ukiwa kwenye kiti, vuta pumzi ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, kwa dakika mbili tatu. Kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, moyo hupunguza mwendo. Hutaondoa woga wote kwa hilo, na hauhitaji kuondoka wote.

Kama kuna wageni wengine wanaojitambulisha siku hiyo, jua pia kwamba anayekutangulia hutamsikia. Mwaka 1973 mtafiti Malcolm Brenner alionyesha kwamba watu wakizungumza kwa zamu, kila mmoja husahau zaidi yaliyosemwa karibu na zamu yake mwenyewe, kwa kuwa akili imejishughulisha na zamu inayokuja. Kwa hiyo usipange kusema "kama alivyosema mwenzangu". Andika tu jina lake kwenye kadi yako anapolitaja, utalihitaji mkikutana kwenye korido. Kazi hiyo ndogo ya kuandika nayo inazuia masikio yasikae yakisikiliza moyo.

Jambo moja nitakuomba ulipime kwa ukweli. Kulala vibaya kwa sababu ya Jumatatu fulani ni jambo la kupita. Lakini ikiwa umeanza kukwepa kupita wodini ili usiulizwe swali, au unakwepa kupokea simu ya famasi, au hofu hii inabaki vile vile wiki kadhaa baada ya kikao, hiyo si ya kutatuliwa na kadi na salamu. Zungumza na mtu wa kitengo cha afya ya akili, na kama hutaki iwe hospitalini kwako, nenda nyingine.

Ukimaliza "ahsanteni", usikimbilie kiti. Baki umesimama, kwa sababu mwenyekiti huenda akasema, "Karibu sana, kuna mwenye swali?" Likija swali unalolijua, jibu kwa sentensi mbili. Likija usilolijua, sema, "Hilo sina uhakika nalo, daktari. Nitaangalia, nikuletee jibu leo kabla ya saa tisa." Andika kwenye kadi ile ile, nyuma. Kisha kabla ya saa tisa mpelekee, kwa miguu yako, mpaka wodini kwake.

Mwalimu